Kumkumbusha klaienti wa nje invoisi iliyopitiliza: jinsi ya kuhamisha ujumbe wako kwenda Kiingereza, hatua kwa hatua

Chukua ujumbe huu, ni wa kawaida kabisa na kwa Kiswahili hauna kosa lolote: "Habari za siku nyingi, natumaini hujambo wewe na familia. Samahani sana kwa usumbufu, nilikuwa naomba kukukumbusha kuhusu ile invoisi, mpaka leo hujanilipa, tafadhali naomba unilipe haraka iwezekanavyo maana na mimi nina majukumu. Asante na ubarikiwe."

Ukiuhamisha neno kwa neno kwenda Kiingereza unapata kitu cha ajabu, kwa sababu ile nusu ya kwanza inakuwa ya mtu anayeomba msaada na nusu ya pili inakuwa ya mtu anayenyooshea kidole. Klaienti anasoma "samahani kwa usumbufu" anaona kama wewe ndo una kosa, halafu sentensi moja mbele anakutana na "hujanilipa" anaona anatuhumiwa. Kwenye Kiswahili chetu salamu na samahani ndo zinalainisha ile "hujanilipa", yaani adabu iko kwenye maneno laini uliyoizungushia, kama mto wa kulalia. Kwenye imeili ya biashara ya Kiingereza mto huo hausomwi, mtu anauruka tu, na adabu inatafutwa sehemu nyingine: nani ametajwa kama mtenda wa sentensi, na je umempa tarehe ya kueleweka au umemwacha akisie.

Kwahiyo kupanda kutoka upole mpaka msimamo sio kuongeza maneno makali. Unacheza na vitu vitatu tu: mtenda wa sentensi, tarehe, na kinachofuata asipolipa. Salamu, jina lake, namba ya invoisi na kiasi vinabaki vilevile toka imeili ya kwanza mpaka ya mwisho, na hiyo ndo inafanya mahusiano yasivunjike hata ukifika kwenye msimamo mkali, maana mtu anaona ni wewe yuleyule, hujageuka.

Tutumie kesi moja mwanzo mwisho, na kwenye mifano ya Kiingereza nimeacha mstari wa salamu na jina lake, wewe uuweke juu kila mara. Umemtengenezea klaienti tovuti, invoisi namba 0147, yuro 1,450, umeituma tarehe 3 Machi 2025 kwa masharti ya siku 30, maana yake mwisho wa kulipa ni 2 Aprili. Tarehe imepita, kimya.

Kwanza chuja Kiswahili chako

Usianze na Kiingereza. Andika kwa Kiswahili kama unavyojisikia, toa hasira zote humo, alafu ukate mpaka vibaki vitu vinne: invoisi gani, kiasi gani, ilitakiwa lini, unataka afanye nini. Majukumu yako toa. Kodi yako, ada za watoto, hali ngumu, vyote toa, sio kwamba ni aibu ila kwa mtu wa uhasibu wa kampuni hiyo sio sababu ya malipo, sababu ya malipo ni kwamba tarehe imefika. Na neno "haraka iwezekanavyo" toa pia, nitarudi hapo.

Mfupa unaobaki: "Invoisi 0147 ya yuro 1,450 ilitakiwa kulipwa tarehe 2 Aprili. Bado sijaiona kwenye akaunti. Naomba uangalie imefikia wapi." Ona kwamba hapa hakuna "wewe hujalipa". Invoisi ndo inatajwa, kisha mimi sijaiona, na yeye anatokea mwishoni tu kama mtu wa kusaidia kuangalia. Hii ndo ya kuhamisha.

Kabla hujatuma, kagua upande wako

Hapa usipite mbio maana unaweza kukuta invoisi ya nje iliyochelewa imekwama kwa sababu ya kijinga. Je invoisi ilifika kwa mtu anayelipa, au ilibaki kwa yule uliyefanya naye kazi ambaye hana mamlaka ya hela? Je kampuni yao inataka namba ya oda ya manunuzi iandikwe kwenye invoisi na wewe hukuiandika? Makampuni mengi yanalipa kwa mafungu, mara moja kwa wiki au kila wiki mbili, kwahiyo invoisi iliyokosa fungu la wiki hii inasubiri lijalo hata kama hakuna mtu mwenye nia mbaya. Na uhamisho wa benki kati ya nchi na nchi unaweza kuchukua siku kadhaa za kazi, hasa ukipitia benki ya katikati.

Kagua tarehe uliyoandika pia. Kama kwenye invoisi uliandika 02/04/2025, klaienti wa Marekani anaisoma 4 Februari na wa Ulaya anaisoma 2 Aprili. Kuanzia sasa andika mwezi kwa herufi. Kiasi nacho angalia: 1.450 kwa Mjerumani ni elfu moja mia nne hamsini, kwa Mwingereza ni moja na kitu, kwahiyo kwenye invoisi andika `EUR 1,450.00`, na sarafu mbele, maana alama ya dola peke yake inatumiwa na nchi kibao.

Imeili ya kwanza: unauliza, hudai

Siku tatu mpaka tano za kazi baada ya tarehe kupita inatosha. Kwenye kesi yetu ni Jumatatu 7 Aprili. Jibu kwenye uzi uleule uliotumia kutuma invoisi, na ambatisha PDF upya ili asianze kutafuta.

```
Subject: Invoice 0147 - due 2 April

I hope the new site is going well.
Invoice 0147 (EUR 1,450) was due on 2 April
and I can't see it in my account yet.
Could you check whether it has been scheduled?
If it is already on its way, please ignore this.
```

Salamu yote ya "habari za siku nyingi na familia" imegeuka sentensi moja kuhusu kazi mliyofanya pamoja, na inatosha, hiyo ndo "hujambo" ya kwenye imeili. "Nilikuwa naomba kukukumbusha" imekuwa swali la kuangalia kama malipo yamepangwa. Na ule mstari wa mwisho unampa mlango wa kutokea bila aibu, anaweza kulipa jioni hiyohiyo na kujifanya alishalipa toka jana, mwache ajifanye, wewe shida yako ni hela.

Kitu kinachowaponza wengi hapa ni samahani. Kwetu ni neno la kufungulia mdomo tu, hata ukimuuliza mtu njia unaanza na samahani, ila ukiiweka kwenye Kiingereza cha imeili inakuwa umekiri kosa. Itoe. Ukitaka ulaini, weka shukrani, Kiingereza kinabeba shukrani vizuri kuliko samahani.

Usibadilishe akaunti ya benki kwenye ujumbe wa kukumbusha, hata siku moja. Imeili inayosema "tunakudai, na akaunti yetu imebadilika" ndo umbo lenyewe la utapeli wa invoisi, na wahasibu wamefundishwa kuisimamisha. Kama kweli umebadilisha benki, mpigie simu kwanza, alafu tuma invoisi mpya kwa uzi wake. Hata vilinki vya kulipia usiviweke kama hamkuwahi kuvitumia.

Imeili ya pili: tarehe inaingia

Siku nane hivi baadaye, tuseme Jumanne 15 Aprili, hujajibiwa. Sasa unaweka siku zilizopita na unaomba tarehe.

```
Invoice 0147 for EUR 1,450 is now 13 days overdue.
Could you arrange payment by Friday 25 April,
or let me know what date to expect it?
```

Kumbuka bado unauliza, bado invoisi ndo mtenda. Kilichoongezeka ni tarehe peke yake, na hapa ndo Kiswahili kinatuangusha sehemu tatu.

Ya kwanza ni "mpaka". Sisi tunasema "lipa mpaka Ijumaa" na kila mtu anaelewa Ijumaa ndo mwisho. Ukiigeuza kwa `until` umemwambia aendelee kulipa muda wote hadi Ijumaa, sentensi haikai. Tarehe ya mwisho ya kitendo kimoja inachukua `by`. Ile `until` itunze, tutaitumia kwenye imeili ya tatu, sehemu yake halali.

Ya pili ni `due` na `overdue`. La kwanza linasema tarehe ya kulipa ni fulani, la pili linasema imeshapita. Kuna watu wanaandika invoisi iko `due` wakati imepita wiki mbili, na klaienti anasoma kwamba ndo kwanza muda unafika, anaweka pembeni kwa amani kabisa.

Ya tatu ni saa. Ukitaka malipo yaingie kabla ya saa kumi jioni, usije ukaandika 10, andika 16:00 na useme ni saa za wapi. Binafsi naonaga bora uachane na saa kabisa, taja siku ya wiki pamoja na tarehe, maana vikitofautiana mtu atauliza na vikifanana hakuna ubishi. Ndo maana pia "ndani ya siku 7" haifai sana, siku 7 toka lini, toka ulivyotuma au toka alivyosoma?

Na "haraka iwezekanavyo" sasa unaona kwanini nilisema itoke. Kwenye Kiingereza ina sura mbili mbaya kwa wakati mmoja, inasikika kama amri alafu haina tarehe, kwahiyo umemkera bila kupata chochote. Ijumaa 25 Aprili inasikika kistaarabu zaidi na inabana zaidi.

Neno "deni" pia liache kwa sasa. Ukimwambia ana deni kwako au anadaiwa, kwa Kiingereza unamgusa yeye kama mtu. Sema invoisi haijalipwa, au kiasi kilichobaki ni hiki. Maana ni ileile, ila hajaitwa mdaiwa.

Imeili ya tatu: unaacha kuuliza

Tarehe 25 imepita, kimya au ahadi isiyotimia. Jumanne 29 Aprili unatuma hii, na sasa unamwekea nakala mtu wa uhasibu wao kama unamjua. Usimwekee nakala bosi wake, hiyo ni kumchongea, na ukishafanya hivyo hata akilipa hamtafanya kazi tena.

```
I have not received payment for invoice 0147 (EUR 1,450),
or a reply to my messages of 7 and 15 April.
Please pay by Friday 9 May.
I will pause work on the next phase
until the payment arrives.
If something is holding it up, tell me
and I will deal with it straight away.
```

Swali limeondoka, imekuja sentensi ya ombi la moja kwa moja. Mtenda amekuwa "mimi": sijapokea, nitasimamisha, nitashughulikia. Hii ni ya makusudi, unakuwa na msimamo kwa kusema wewe utafanya nini, sio kwa kusema yeye ni mtu wa namna gani. Rasimu ya Kiswahili ya hatua hii mara nyingi inakuja na "umenipuuza", "hunitendei haki", "nimekuvumilia sana". Ukikutana nayo, geuza kila moja iwe tukio lenye tarehe. "Umenipuuza" inakuwa sijapata jibu la ujumbe wa tarehe 7 na 15. Tukio halibishaniwi, hisia inabishaniwa, na mkianza kubishana hisia basi invoisi imesahaulika.

Utashangaa kwamba "tafadhali" inabaki hapa. Ibaki moja. Zikiwa tatu kwenye imeili moja, kwa Kiingereza inaanza kusikika kama kejeli.

Kuhusu kusimamisha kazi, andika tu kama kuna kazi inayoendelea na kama uko tayari kusimama kweli. Na kama mkataba wenu unaruhusu riba ya kuchelewa, hapa ndo pa kuitaja kwa mara ya kwanza, kwa kunukuu kipengele namba fulani, bila kuhesabu hela bado. Kama hamna mkataba wa hivyo usibuni riba yako. Umoja wa Ulaya una Maelekezo 2011/7/EU kuhusu malipo yanayochelewa kati ya biashara na biashara, yanayompa mdai riba ya angalau pointi 8 za asilimia juu ya kiwango rejea cha Benki Kuu ya Ulaya na fidia ya angalau yuro 40 ya gharama za kufuatilia, lakini kama yanakuhusu wewe inategemea mkataba wenu unafuata sheria ya nchi gani, kwahiyo hakikisha kwanza kabla hujayataja. Kumtajia mtu sheria isiyomhusu kunafuta uzito wa imeili nzima.

Imeili ya nne: ya mwisho ni ya mwisho

Jumatatu 12 Mei, siku 40 zimepita toka tarehe ya malipo. Kabla ya hii piga simu. Sijui kwanini watu wanaruka simu, labda kwa sababu ya kuogopa Kiingereza cha kuongea, ila ukiwa na vile vitu vinne vya mfupa mbele yako unaweza kuvisoma tu, na unaweza kukuta yule mtu wako alishaacha kazi na imeili zako zinaingia kwenye sanduku lisilo na mwenyewe.

```
This is my final reminder for invoice 0147 (EUR 1,450),
due 2 April.
If payment has not arrived by Friday 23 May,
I will pass the file to a collection agency.
If you cannot pay in full, send me
a payment plan before that date.
```

Andika kitendo kimoja ambacho umeshaulizia na unajua kinawezekana na kinagharimu kiasi gani: wakala wa kukusanya madeni wa nchi yake, wakili, au utaratibu wa madai madogo kama unakuhusu. "Tutachukua hatua kali za kisheria" ni sentensi inayopendwa sana kwetu na kwa Kiingereza haina meno, inasomeka kama mtu asiyejua hatua ni ipi. Kitendo kidogo cha kweli kinatisha kuliko kikubwa cha jumla. Na usitishie kumwanika mtandaoni, hapo unaweza kugeuka wewe ndo mwenye kesi.

Yule mstari wa mpango wa kulipa kidogokidogo usiuone kama udhaifu. Kama shida yake ni mzunguko wa hela, huo ndo unampa sababu ya kukujibu badala ya kujificha. Ila ukishaita ya mwisho usitume ya tano, tarehe 24 unafanya ulichosema.

Majibu yatakayokuja katikati

Akisema "tumeshalipa", usiseme muongo wala usikae kusubiri tu. Mwombe uthibitisho wa uhamisho wa SWIFT, wengi wanaujua kwa jina `MT103`, benki yake inaweza kumtolea na ndani yake kuna namba ya rejea ambayo benki yako inaweza kufuatilia nayo. Hela ikifika pungufu kidogo, kwa mfano yuro 1,425, kabla hujaandika kwamba hajamaliza angalia kama benki ya katikati imekata makato yake. Kwenye invoisi zijazo omba makato yote yawe juu ya mtumaji, kwenye fomu ya benki inaandikwa `OUR`, wakati `SHA` maana yake mnagawana.

Akisema "wiki ijayo", jibu siku hiyohiyo kwa shukrani na ugeuze kuwa tarehe: asante, basi nategemea kuiona kufikia Ijumaa tarehe fulani. Ngazi inasimama hapo ulipo, hurukii kwenye imeili ya tatu kwa sababu tu umechoka. Ahadi ikivunjika, imeili inayofuata inaanza na ahadi hiyo na tarehe yake.

Akisema kazi ina tatizo, sasa hapa tulia. Tenganisha nyuzi mbili: wa kazi na wa invoisi. Muulize ni sehemu gani ya kazi anailalamikia, na umwombe alipe ile ambayo haina ubishi wakati mnamalizana na iliyobaki. Ukitafsiri jibu hili epuka kabisa "lakini", anza sentensi mpya badala yake, kwa sababu "naelewa, lakini" kwa Kiingereza inafuta yale "naelewa" yote.

Hela ikiingia

Tuma mistari miwili siku hiyohiyo: nimepokea yuro 1,450 ya invoisi 0147, asante, kazi ya awamu inayofuata inaendelea kesho. Usiweke "hatimaye", usiweke "baada ya kusubiri sana". Alafu invoisi inayofuata ya klaienti huyu badilisha masharti kimyakimya, nusu kabla ya kazi kuanza, siku 14 badala ya 30, na jina na imeili ya mtu wa uhasibu vikiwa vimejazwa toka siku ya kwanza.